Nyayo za kandambili zinasikika kama ziko ndani ya sikio. Maiki niweke umbali gani?

Mhariri_Tanga

Wakuu, nahariri filamu fupi, nimefika kwenye sauti nimekwama. Mnunuzi wetu anataka nakala yenye muziki na sauti za mazingira tu, bila mazungumzo, ili wao waweke Kifaransa. Maana yake kila mahali mtu anapozungumza, sauti ya siku ya kupiga picha inaondoka yote, na nyayo, nguo na milango vinaondoka nayo. Inabidi nivitengeneze upya.

Sini inayonitesa ni hii. Usiku, mama anarudi nyumbani amejifunga kanga, amevaa kandambili. Anapita barazani, sakafu ya saruji nyekundu, kamera iko kama mita tatu kutoka kwake. Anafungua kufuli la grili, halafu mlango wa mbao, anaingia. Muda wote anaongea na simu.

Nimerekodi nyayo chumbani kwangu, chumba cha mita tatu kwa tatu na nusu, sakafu ya vigae. Maiki ni kondensa ya kadioidi, nimeiweka sentimita 15 hivi kutoka mguuni ili ishike vizuri. Ikichezwa peke yake ni tamu. Nikiiweka kwenye picha, kandambili inapiga mlio kama imevaliwa na mtazamaji. Nikishusha sauti inakuwa ndogo lakini bado iko karibu. Nimejaribu kuongeza mwangwi kwa plagini, sasa ni kandambili ya karibu ndani ya kanisa. Tatizo ni umbali, sakafu au maiki?

DogoStudio

Umbali, mkuu. Rudisha maiki nyuma mpaka mita mbili, kwa sababu kamera iko mbali. Sauti ifuate kamera. Tena tafuta maiki ndefu ya shotgani, hizo ndizo wanatumia wakubwa, kadioidi ni ya waimbaji. Kama chumba kina mwangwi weka godoro nyuma ya maiki, kwisha habari.

Kamera_Moja

Kwani muigizaji hakuvaa maiki ya kifuani? Sisi kwenye harusi tunamfunga bwana harusi kimaiki kidogo, kila kitu kinaingia, hadi anavyokohoa. Chukua hiyo sauti ukate maneno, ubakize nyayo.

Mhariri_Tanga

@Kamera_Moja alivaa, ndugu yangu, lakini anaongea na simu muda wote, maneno na nyayo vimelaliana. Halafu cha kifuani kimeshika kanga ikisugua kimaiki chenyewe, mguu unasikika kwa mbali sana.

MzeeWaBumu

Mhariri, umeeleza vizuri, na hilo ni nusu ya kazi. Twende taratibu kwa sababu hapa kuna mambo matatu yamechanganyika.

La kwanza, sentimita 15. Maiki yoyote yenye mwelekeo ikikaribia sana inanenepesha sauti nzito, ndiyo maana kandambili yako ina kishindo ambacho mpira wa nusu inchi hauna. Lakini kuna jambo baya zaidi ambalo watu hawalifikirii. Mguu hautulii. Ukiwa sentimita 15 na hatua inayofuata ikatua sentimita 30, umeongeza umbali mara mbili, na sauti imeshuka desibeli 6. Hatua moja inapiga kelele, nyingine inanong'ona, na sikio linagundua mara moja kuwa mtu huyu anakanyaga mbele ya maiki. Ukianzia sentimita 90 na mguu ukateleza hizo hizo sentimita 15, tofauti ni desibeli moja na kidogo. Hapo hatua zinalingana kama za mtu anayetembea kwelikweli. Kwa hiyo umbali si suala la kufuata kamera peke yake, ni suala la kumwachia mchezaji nafasi ya kucheza.

La pili, dogo amekwambia mita mbili. Kwenye ukumbi uliozibwa mwangwi vizuri angekuwa sahihi. Kwenye chumba chako atakuharibia. Chumba kitupu cha ukubwa huo, chenye vigae na plasta, ukivuka nusu mita hivi maiki inasikia chumba kuliko inavyosikia mguu. Ukienda mita mbili utarekodi chumba chako cha kulala chenye kandambili kwa mbali, na baraza la usiku halina kuta nne na dari. Mwangwi ule huwezi kuufuta baadaye.

La tatu ni sakafu, nitarudi.

Sasa, ukikijaza chumba magodoro na mablanketi, ule mpaka wa nusu mita unasogea, unaweza kufika kama sentimita 80. Hapo ndipo ningesimamisha maiki: sentimita 80 hadi mita moja kutoka mahali mguu unapotua, imeinamia sakafu kwa mshazari, isiwe juu ya mguu moja kwa moja. Dogo, lile godoro usiliweke nyuma ya maiki. Kadioidi ni kiziwi kwa nyuma, haisikii ukuta ulio mgongoni kwake. Ukuta unaoisumbua ni ule inaoutazama, yaani ulio nyuma ya anayetembea. Godoro liende huko kwanza, la pili likae ubavuni. Nyuma ya maiki weka ukibakiwa nalo.

DogoStudio

Hapo kwenye godoro nimekuelewa mzee. Lakini shotgani je? Si ndiyo inachagua mbele tu?

MzeeWaBumu

Nje, ndiyo. Shotgani ya MKH 416 nimeishi nayo kwenye bumu, ile fimbo ndefu ya kushikia maiki, na siisemi vibaya. Lakini ile bomba ndefu inafanya kazi kwenye sauti za juu, zile nzito inazipokea karibu sawa na maiki fupi. Ndani ya chumba kidogo sauti inarudi kutoka kila ukuta, inaingia kwenye matundu ya ubavuni ikiwa imechujwa nusu nusu, na unapata rangi ya ajabu, kama mtu anatembea ndani ya bomba la maji. Kwenye chumba cha mita tatu, kadioidi yake ni bora kuliko shotgani ya bei mara tano. Akitoka kurekodi uani usiku, hapo aazime hiyo ndefu.

BintiKisauni

Mie natengeneza michezo ya redio hapa Mombasa, nasoma hapa nashangaa mwahangaika na chumba. Mbona asirekodi kwenye baraza yenyewe? Baraza ipo, kandambili ipo, mama yupo. Ngoja saa nane za usiku mji ukilala, rekodi.

Mhariri_Tanga

Dada, nimewaza hilo. Nyumba ya kupigia picha iko kando ya barabara ya malori, usiku ndio yanapita. Na wadudu. Ukiunganisha vipande, kila kipande kina nyenje wake, wanakatika na kuanza.

MzeeWaBumu

Bi Kisauni ana hoja, na kama pangekuwa kimya ningesema nenda leo. Kinachomzuia ni hicho alichokisema. Kelele ya nyuma inayobadilika kila unapokata ni mbaya kuliko sakafu isiyofanana.

Basi sakafu. Vigae vya chumbani si saruji. Kigae kina mlio mkali wa juu, na kama fundi hakujaza vizuri chini, kuna uwazi na kila kigae kinajibu kwa sauti yake. Gonga kwa kifundo cha kidole, utasikia vingine vinalia kama chungu. Saruji ya baraza iliyomwagwa juu ya udongo ni bubu. Mguu unatoa mlio mfupi, hakuna kinachotetema.

Tafuta bamba la zege, lile la kutandika njia uani, sentimita 60 kwa 60, unene wa sentimita 5. Lina kilo zaidi ya 40, kwa hiyo mbebe wawili. Usiliweke juu ya vigae moja kwa moja maana litacheza kwenye kona na kulia kwa chini. Tandika mchanga mkavu kama sentimita mbili, lisawazishe hadi liketi lote, ukilikanyaga kona yoyote lisiitike. Hapo una ardhi. Ukiwa ghorofani ni kazi zaidi kwa sababu sakafu yote iko hewani nayo inaitika. Tafuta chumba cha chini.

Juu ya bamba nyunyiza mchanga mchache wa kushika kwa vidole vitatu. Baraza la nje halikosi mchanga, na zile chembe zinazosagika chini ya mpira ndizo zinazoliambia sikio kwamba tuko nje. Ukizidisha umempeleka mama ufukweni.

Mhariri_Tanga

Bamba lipo, jirani anajenga. Lakini bamba la sentimita 60 nitatembeaje? Nitatembea papo hapo?

MzeeWaBumu

Ndiyo, papo hapo, ukiangalia picha. Kiatu cha kisigino unaweza: kisigino, kisha vidole, uzito unahama. Kandambili ndiyo ina ujanja wake, na nadhani ndipo unapokwama bila kujua. Ina sauti mbili. Moja ni mpira kupiga ardhi. Ya pili, ile inayotufanya tujue ni kandambili, ni mpira kurudi na kupiga kisigino mguu unaponyanyuka. Ukitembea papo hapo mguu haunyanyuki kwa kasi wala hauachi nyuma, kwa hiyo ile ya pili inakufa au inakuja wakati si wake.

Mimi nazirekodi mbali mbali. Raundi ya kwanza nasimama kwenye bamba, nacheza ardhi tu. Raundi ya pili napiga magoti, navaa kandambili mkononi, naukunja mpira na kuuachia upige kiganja, nikifuata kisigino cha muigizaji kwenye skrini. Kiganja kikavu. Kikiwa na jasho mlio unanata na mama anaonekana katoka kuoga.

BintiKisauni

Kiganja hakina mlio wa kisigino, mzee, samahani. Kisigino cha mtu mzima ni kigumu, chapasua. Kiganja chapiga laini. Mie huweka mtu aketi kwenye kiti, mguu hewani, mwenziwe aivuta kandambili kwa nyuma na kuiachia.

MzeeWaBumu

Hilo sijalijaribu. Kwa picha ya karibu huenda una haki. Kwa kamera ya mita tatu nitabaki na kiganja, kwa sababu mtu mmoja anaongoza wakati wote. Mkifanya wawili, mmoja atachelewa fremu mbili, na fremu mbili kwa fremu 25 kwa sekunde ni milisekunde 80. Hiyo inaonekana.

Mhariri_Tanga

Na kanga? Nimejaribu kuitikisa mbele ya maiki, nimepata upepo.

MzeeWaBumu

Usiitikise. Nguo hailii kwa kutikiswa, inalia inapojisugua. Keti, tazama nyonga na mabega ya mama, chukua kanga kwa mikono miwili na ujisugulie pajani na mkononi ukimfuata, kuanzia anapoingia hadi anapotoka, bila kukata. Akisimama nawe unasimama. Akipandisha kanga begani, unaivuta mara moja. Nguo ni raundi moja ndefu, si vipande, kwa sababu kinachotakiwa ni ile pumzi inayounganisha hatua na hatua.

Hapa maiki inasogea karibu kuliko ya nyayo, sentimita 30 hadi 40. Sababu ni kelele ya vifaa. Nguo ni dhaifu, itabidi ufungue geini sana. Kila unapoongeza umbali mara mbili unapoteza desibeli 6, unazirudisha kwa geini, na mvumo wa maiki na rekoda unapanda nazo. Kwenye nyayo huo mvumo unajificha. Kwenye nguo hauna pa kujificha. Kama rekoda yako ni ile ndogo ya mkononi yenye maiki zake juu, nguo itakufichulia udhaifu wake wote. Zima feni, zima friji, na usisahau kuiwasha friji baadaye.

Kanga iwe iliyofuliwa mara nyingi. Mpya toka dukani ni ngumu, inapiga kelele kama karatasi. Na wewe unayecheza vaa pamba inayobana, hata ukirekodi nyayo, la sivyo suruali yako itaingia kwenye filamu. Ukimaliza kuipima, ishushe mpaka usiisikie ukiitafuta, halafu uizime. Ukigundua kitu kimepungua, kiwango kiko sawa.

Kamera_Moja

Sasa kama haisikiki, kuna haja gani ya kuirekodi? Wateja wangu hawajawahi kulalamika kuhusu nguo.

BintiKisauni

Kwa sababu harusi ina taarabu juu, baba. Huyu atolewa mazungumzo yote. Bila nguo, yule mama huwa picha tu yatembea.

Mhariri_Tanga

Wakuu, narudi na matokeo. Bamba juu ya mchanga, magodoro mawili nyuma yangu na moja ubavuni, maiki sentimita 90. Ni filamu nyingine. Kabla sijaamua nilirekodi hatua chache kwa sentimita 30, 60, 90 na 150, nikaziweka zote kwenye picha karibu na kipande kimoja cha sauti ya bumu ya siku ya kupiga picha ambapo mama alikuwa kimya. Ya 30 bado ni ya sikioni. Ya 150 nasikia chumba. Ya 60 na ya 90 zote zinakaa, ila ya 60 ina nyama zaidi chini, ikabidi niikate kwenye ikwalaiza chini ya hezi 120 ndipo ifanane na bumu. Ya 90 sikuigusa. Mwangwi wa baraza nimeuongeza kidogo sana, mfupi, na sasa unakubali.

Kiganja kimefanya kazi. Kisigino cha Bi Kisauni nimejaribu pia na mdogo wangu, kina mlio mzuri zaidi, lakini amecheka kila hatua.

Imebaki milango. Grili na kufuli nimerekodi nyumbani kwangu, iko sawa. Mlango wa mbao ndio unasikika mwembamba, kama kabati. Nilitumia maiki mbili, moja sentimita 30 kutoka kwenye kitasa, nyingine mita mbili ndani ya korido, nikazichanganya.

DogoStudio

Ongeza besi.

MzeeWaBumu

Usiongeze kitu bado. Zima maiki moja usikilize. Nadhani kila moja peke yake ni nene, na zikiwa pamoja zinakonda. Tofauti ya umbali ni mita 1.7. Sauti inakwenda mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo ya mbali inachelewa kama milisekunde 5. Ukizijumlisha, zinakatana kwenye hezi 100, tena 300, tena 500 na kuendelea. Hezi 100 ndiyo mwili wa mlango wa mbao. Umeutoa mwenyewe. Ukiongeza besi hapo unamimina maji kwenye ndoo iliyotoboka.

Njia ya kwanza ni kuisogeza ya mbali mbele. Kwa 48 kHz ni kama sampuli 240. Kama ulipiga kofi karibu na kitasa mwanzoni mwa kurekodi, linganisha kilele cha kofi kwenye faili zote mbili. Njia ya pili, ninayoipenda, chagua moja. Mama akiwa nje na kamera iko nje, ya karibu kwa ulimi wa kitasa na ya mbali kwa kishindo, zisicheze kwa wakati mmoja.

Mhariri_Tanga

Ni kweli kabisa, nimezima moja unene umerudi. Kofi sikupiga, nitalinganisha kwa ulimi wa kitasa.

BintiKisauni

Mie naziacha zote mbili na siogopi. Ukiisogeza ya mbali ikalingana na ya karibu, umepoteza ule umbali uliouwekea maiki ya pili. Ile korido kuchelewa ndiko kunakoniambia nyumba ni ndefu. Nazitenganisha tu, moja kati, nyingine pembeni kushoto na kulia.

MzeeWaBumu

Na msikilizaji mwenye redio ya spika moja?

BintiKisauni

Huyo hupata kabati. Lakini ya pembeni naiweka chini sana, kabati yenyewe huwa kubwa.

MzeeWaBumu

Haha. Mimi filamu yangu itachezwa kwenye simu ya mtu ndani ya daladala, spika moja. Sitakubali.

Mhariri, jambo moja la mwisho kwenye mlango. Ulirekodi wote kwa mkupuo mmoja, ufunguo hadi kishindo?

Mhariri_Tanga

Ndiyo, mkupuo mmoja. Kishindo kilipiga mwisho wa mita ya sauti, ikabidi nishushe geini, ufunguo ukawa haba.

MzeeWaBumu

Vitenganishe. Ufunguo na ulimi raundi moja, geini juu, maiki karibu. Bawaba raundi yake, polepole kama mama anavyofungua. Kishindo raundi yake, maiki mita moja na nusu, kilele kisizidi -10 kwenye mita. Na rekodi kwenye mlango uliojengwa ukutani, kama ulivyofanya. Kuna watu wanatengeneza fremu ya kusimama yenyewe studioni, halafu wanashangaa kishindo hakina nyumba. Ukuta ndio unaopiga kelele, mlango unaugonga tu.

Kamera_Moja

Sasa hapo kwenye mlango nimeelewa mbona video ya mteja wangu mmoja ilikuwa na sauti nyembamba. Nilikuwa na maiki ya kamera na ya MC pamoja. Na mimi nisogeze sampuli 240?

MzeeWaBumu

Hapana, hizo 240 ni za mita 1.7 zake. Kamera yako ilikuwa umbali gani kutoka kwa MC?

Kamera_Moja

Nilikuwa nazunguka ukumbi mzima.

DogoStudio

Basi chagua moja 😂